Mama alichanjwa homa ya mafua mwaka jana. Kwa nini achanjwe tena?

*"Assalaam alaykum daktari. Mama yangu ana miaka 68, ana kisukari, tunaishi Wete, kisiwani Pemba. Mwaka jana alichomwa sindano ya homa ya mafua kabla ya kwenda Umra. Mwaka huu anakwenda tena Ramadhani na ameambiwa achomwe upya. Kaka yangu anasema hiyo ni biashara tu, maana homa ya manjano alichomwa mara moja na cheti hakiishi muda, na watoto wetu surua wanachomwa mara mbili basi. Tena anasema ile ya mwaka jana haikuwa na kitu, kwani mama alirudi na mafua na kikohozi. Boksi la mwaka jana ninalo, la mwaka huu nimelipiga picha dukani. Majina yaliyoandikwa yanafanana lakini si yote. Nimsikilize nani?"*

Waalaykum salaam, dada. Nafurahi hukulitupa boksi, kwa sababu jibu la kaka yako limeandikwa pale pale ubavuni mwake. Boksi la msimu wa 2024/2025 lililotengenezwa kwa mayai ya kuku lina mistari mitatu: `A/Victoria/4897/2022 (H1N1)pdm09`, `A/Thailand/8/2022 (H3N2)` na `B/Austria/1359417/2021`. La 2025/2026 nalo lina mitatu. Wa kwanza na wa tatu ni vile vile. Wa katikati ndio uliobadilika: Thailand imeondoka, imeingia `A/Croatia/10136RV/2023 (H3N2)`.

Majina hayo hayasemi chanjo imetengenezwa wapi. Yanasema aina ya kirusi, mahali alipochukuliwa mgonjwa sampuli, namba ya maabara na mwaka. Kwa hiyo mstari wa Croatia unatwambia kwamba kirusi kilichopatikana kwa mgonjwa wa huko mwaka 2023 kimeonekana kuwakilisha vyema jamaa zake wanaozunguka duniani sasa, kuliko kile cha Thailand cha mwaka 2022. Ukielewa kwa nini mstari mmoja umebadilika na miwili imebaki, umeshaelewa sehemu kubwa ya jambo hili.

Kirusi cha homa ya mafua kimefunikwa na vichomozi vya protini vya aina mbili. Kimoja kinaitwa hemaglutinini, ndiyo hiyo herufi H. Hicho ndicho kinachoshika seli za koo na mapafu ili kirusi kiingie ndani. Cha pili ni neuraminidasi, herufi N, ambacho husaidia virusi vipya kujinasua kutoka kwenye seli na kwenda kushambulia nyingine. Ukichanjwa au ukiugua, mwili hutengeneza kingamwili, na zile zenye kazi kubwa zaidi ni zinazokwenda kukaa juu ya kichwa cha hemaglutinini. Zikikaa pale, kirusi hakiwezi kushika seli.

Sasa, kirusi hiki huhifadhi maelekezo yake kwenye RNA, yenye herufi kama 13,500 hivi. Kimeng'enya kinachoinakili RNA hiyo hakina uwezo wa kurudi nyuma kukagua kilichokosewa. Mgonjwa mmoja anapotoa mamilioni ya virusi, wengi wao wana kosa mahali fulani. Makosa mengi huwaua wenyewe. Machache hayana athari. Lakini mara moja moja kosa huangukia juu ya kichwa cha hemaglutinini, mahali ambapo kingamwili hukaa, nalo likabadili umbo la pale kidogo tu. Seli bado inashikika, lakini kingamwili za zamani hazikai tena barabara. Kirusi hicho kikikutana na watu waliowahi kuugua au kuchanjwa, kinapita ambapo ndugu zake wanazuiwa. Baada ya miezi, ndicho kinachotawala.

Kaka yako atauliza: na surua je? Surua nayo ni kirusi cha RNA, na nacho hukosea kinaponakili. Tofauti ni kwamba protini za juu za kirusi cha surua haziwezi kubadilika katika sehemu zile muhimu bila kupoteza uwezo wa kuingia kwenye seli. Kirusi kilichokosea hapo kinakufa, kwa hiyo chanjo iliyotokana na kirusi cha miaka ya 1950 inafanya kazi mpaka leo. Homa ya manjano hali yake inakaribiana na hiyo. Kichwa cha hemaglutinini kimeumbwa vingine: kinavumilia mabadiliko. Watafiti waliofuatilia virusi vya H3N2 kuanzia 1968 mpaka 2003 walikuta kwamba hatua kubwa za mabadiliko yake katika miaka yote hiyo zilitokana na nafasi saba tu, zote ziko pembeni ya mahali protini inaposhikia seli. Mara nyingi badiliko katika nafasi moja lilitosha kuikwepa chanjo. Mimi mwenyewe huona jambo hili ni la kutisha kidogo: protini ina viungo zaidi ya 500, na kimoja tu kikibadilika kazi ya mwaka mzima inaharibika.

Haya ndiyo mabadiliko madogo madogo, yasiyokoma. Hayaendi kwa kasi moja kwa virusi vyote. H3N2 ndiyo yenye haraka kuliko zote, na ndiyo maana mstari wa katikati wa boksi hubadilishwa mara nyingi zaidi. Aina B hubadilika polepole, na B/Austria imebaki pale tangu misimu kadhaa. Mstari haubadilishwi kwa sababu tu mwaka umegeuka. Ingekuwa biashara ya kubadilisha lebo, ingekuwa rahisi zaidi kuibadilisha yote mitatu.

Nani anaamua? Shirika la Afya Duniani lina mtandao wa maabara za kufuatilia homa ya mafua uliokuwepo tangu 1952. Hospitali na vituo katika nchi nyingi huchukua sampuli za pua na koo mwaka mzima, na baadhi ya virusi hupelekwa kwenye vituo vikuu, vikiwemo vya Atlanta, London, Melbourne, Tokyo na Beijing. Huko hawasomi RNA tu, kwa sababu kusoma kosa hakukwambii kama kingamwili italijali. Wanafanya jaribio. Wanamwambukiza kirusi cha chanjo mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ambaye hajawahi kukutana na homa ya mafua, kisha wanachukua majimaji ya damu yake yenye kingamwili. Majimaji hayo wanayapunguza makali kwa maji hatua kwa hatua, kila hatua nusu ya iliyotangulia, na kuona ni mpaka wapi bado yanakizuia kirusi kisigandishe chembe nyekundu za damu.

Tuseme majimaji yaliyotengenezwa dhidi ya kirusi cha chanjo yanakizuia kirusi hicho hicho hata yakipunguzwa mara 1,280. Ukileta kirusi kipya kutoka kwa mgonjwa wa mwaka huu, nacho kikazuiwa mpaka mara 640, basi bado ni yule yule, tofauti ya hatua moja ni ya kawaida katika jaribio. Lakini kikizuiwa mpaka mara 160 tu, kingamwili zimepungua nguvu mara nane. Hapo wataalamu wanakaa kitako. Virusi vya namna hiyo vikionekana vingi na katika nchi nyingi, mstari wa boksi unabadilishwa.

Mkutano wa uamuzi hufanyika mara mbili kwa mwaka: Februari kwa chanjo ya kizio cha kaskazini, Septemba kwa ya kusini. Na hapa ndipo penye udhaifu, sitakuficha. Chanjo nyingi bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete, na kuanzia uamuzi mpaka boksi kufika dukani inapita miezi sita hivi. Kirusi hakisubiri miezi hiyo.

Mwaka 2014 tuliliona hilo waziwazi. Februari ya mwaka huo mstari wa H3N2 uliochaguliwa kwa kizio cha kaskazini ulikuwa `A/Texas/50/2012`, na kwa data za siku zile ulikuwa uchaguzi sahihi. Mwishoni mwa Machi, wiki chache baada ya uamuzi, maabara zilianza kuona virusi vichache vya H3N2 ambavyo kingamwili za Texas hazikuvishika vizuri. Viwanda vilikuwa vimeshaanza kazi. Kufika Septemba virusi hivyo vilikuwa vingi, na mkutano wa Septemba ukabadilisha mstari kuwa `A/Switzerland/9715293/2013` kwa chanjo ya kusini ya mwaka 2015. Lakini watu wa kaskazini waliingia kwenye baridi yao na sindano ya Texas mkononi. Huko Marekani, ufanisi wa chanjo msimu ule, ukihesabu aina zote za kirusi pamoja, ulitoka asilimia 19. Misimu ya kawaida hucheza kati ya asilimia 40 na 60.

Kwa hiyo mwambie kaka yako: ana haki ya kusema sindano hii haizuii kila kitu. Hata msimu mzuri, si kinga kamili. Asichokuwa na haki nacho ni kusema haina kitu. Mtu wa miaka 68 mwenye kisukari akipata homa ya mafua, kinachomlaza na kumuua mara nyingi si mafua yenyewe, ni nimonia inayofuata, sukari kupanda bila kushikika, na moyo kuelemewa. Kingamwili zisizokaa barabara bado hupunguza wingi wa virusi, na hapo ndipo faida ilipo kwake.

Kuhusu kile kikohozi alichorudi nacho, hatujui kilikuwa nini kwa sababu hakupimwa. Virusi vinavyoleta mafua na kikohozi ni vingi mno, na vilivyo vingi si vya homa ya mafua. Kwenye msongamano wa Makka na Madina vyote vinahudhuria. Mafua ya kawaida huanza na pua na koo taratibu, mtu akaendelea na shughuli zake. Homa ya mafua huja kwa ghafla: asubuhi mzima, jioni homa kali, mwili wote unauma, kitanda hakiachiki. Kama mama alikuwa akipiga chafya huku akigawa tende kwa wageni waliokuja kumpokea, sidhani ilikuwa homa ya mafua. Na haikutoka kwenye sindano, maana chanjo hii ya kuchoma haina kirusi hai ndani yake.

Utauliza sasa, je, kama mistari yote mitatu ingebaki vile vile, asingechanjwa? Angechanjwa. Kingamwili zinazotokana na sindano hii hupungua ndani ya miezi, na kwa wazee zinapungua haraka zaidi. Zile alizopata mwaka jana kabla ya Umra zimeshashuka mno, hata dhidi ya Victoria na Austria ambazo hazikuguswa.

Nirudi kwenye boksi, kuna alama moja hatujaizungumza. Ile `pdm09` mwishoni mwa mstari wa kwanza ni kumbukumbu ya jambo la aina nyingine kabisa. RNA ya kirusi cha aina A haiko katika uzi mmoja. Imegawanyika vipande vinane. Virusi viwili tofauti vikiingia kwenye seli moja, mathalani kimoja cha binadamu na kimoja cha ndege, ni kama wacheza karata wawili wenye karata nane kila mmoja zilizomwagika na kuchanganyika chini: anayeokota anaweza kuondoka na nane ambazo hakuna aliyewahi kuzishika. Ikiwa karata ya hemaglutinini imetoka kwa mnyama, binadamu wengi hawana kingamwili dhidi yake. Hapo hatuzungumzii tena kingamwili kutokaa barabara. Hazipo kabisa.

Mwaka 1968 kirusi cha binadamu kilipata vipande viwili kutoka kwa kirusi cha ndege, kimojawapo cha hemaglutinini, na kubakisha sita vya zamani. Ndiyo ikazaliwa H3N2, ikaizunguka dunia. Mstari wa katikati wa boksi lako, Thailand au Croatia, ni kizazi cha kirusi kile kikiwa kimeshapitia zaidi ya miaka 50 ya makosa madogo madogo. Mwaka 2009 ikatokea tena, safari hii kwa nguruwe: vipande sita kutoka kwa virusi vya nguruwe wa Amerika Kaskazini, ambavyo navyo vilikuwa mchanganyiko wa zamani wa nguruwe, ndege na binadamu, na viwili kutoka kwa virusi vya nguruwe wa Ulaya na Asia. Aprili kiligunduliwa, na Juni 11 Shirika la Afya Duniani likatangaza janga la dunia. Waliozaliwa kabla ya 1957 wengi walisalimika, kwa sababu udogoni walikutana na H1N1 za zamani zilizofanana nacho. Vijana ndio walioumia. Baada ya hapo nacho kikaingia katika desturi ya mabadiliko madogo, na Victoria ni kizazi chake.

Kwa hiyo mabadiliko ya ghafla ni adimu na huleta kirusi kipya. Mabadiliko madogo hukichukua kirusi hicho na kukigeuza polepole mwaka hadi mwaka. Kusasisha boksi ni kazi ya hayo madogo. Ya ghafla hayatabiriki, na sindano ya mama haitamkinga na kirusi kipya cha ndege kikijitokeza. Aina B hazina hatari hiyo kwa sababu hazina wanyama wengi wa kuchanganyika nao. Zimewahi hata kupungua: ukoo mmoja wa B, Yamagata, haujathibitishwa kuonekana tangu Machi 2020, ndiyo maana maboksi yaliyokuwa na mistari minne sasa yana mitatu. Na kwa kuwa umependa maboksi, jua pia kwamba watengenezaji hutumia mchezo huo huo wa vipande: kwa mistari ya aina A huchukua vipande vya H na N kutoka kirusi kipya na kuvichanganya na vya kirusi cha mwaka 1934 kinachokua vizuri ndani ya yai.

Sasa mama afanye nini? Achanjwe Shaaban, angalau wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu kingamwili huchukua muda huo kufika juu. Asingoje siku ya kupanda ndege. Apewe boksi la 2025/2026, si la mwaka jana hata likiuzwa nusu bei. Sisi tulio karibu na ikweta hatuna majira ya baridi ya kusubiri, kirusi huzunguka wakati wowote, na kule anakokwenda anakutana na watu wa vizio vyote viwili. Kanuni ya kufuata ni mchanganyiko mpya kabisa unaopatikana. Boksi la kizio cha kusini la 2026 kwa kawaida hutoka baadaye, halitawahi safari ya Ramadhani.

Ninaloliogopa zaidi kuliko mistari ya boksi ni bahari. Chanjo hii inatakiwa ikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 tangu kiwandani mpaka begani. Usiinunue mjini Unguja ukaivusha kwa boti ndani ya mkoba, wala usiibane na barafu tupu, maana ikiganda imeharibika na kwa macho huwezi kuijua. Muulize anayechoma: ilifikaje hapa, friji ina kipimajoto, tarehe ya mwisho ni lini? Kama hapo Wete au Chake jibu halikuridhishi, ni bora mama mwenyewe avuke akachomwe mjini kuliko sindano kuvuka peke yake. Siku ya kuchomwa akiwa na homa kali, aahirishe. Na kama aliwahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya chanjo yoyote, azungumze na daktari kwanza. Bega kuuma na uchovu wa siku moja mbili ni kawaida. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayotakiwa na Saudia ni nyingine. Hii haichukui nafasi yake.

Akiwa huko akipata homa ya ghafla na maumivu ya mwili, asingoje kuona itakavyokwenda. Dawa ya virusi inayoitwa oseltamivir hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, na kwa umri wake na kisukari chake anastahili kupewa. Antibiotiki alizobeba mkobani haziigusi homa ya mafua. Apime sukari mara nyingi zaidi siku hizo.

Akipumua kwa tabu, kifua kikimuuma, akichanganyikiwa, midomo ikibadilika rangi, sukari ikipanda haishuki, au homa ikimwacha kisha ikarudi na kikohozi kizito, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ikitokea ameshafika nyumbani, mfikishe hospitali iliyo karibu nanyi, au Abdalla Mzee Mkoani, na neno la kwanza mlangoni liwe kwamba amerudi kutoka Saudia ndani ya siku 14 na kama alikaa karibu na ngamia, kwa sababu kuna kirusi kingine cha mapafu cha huko ambacho daktari atataka kukipima kabla ya kumlaza wodini na wengine.